YAH: KUSITISHA MKATABA WA KUUZIANA MPUNGA KWA SABABU YA MAFURIKO

Kikundi cha Wakulima wa Mpunga,
Kata ya Muhoro,
Wilaya ya Rufiji.
Mei 20, 2024

Mkurugenzi,
Kiwanda cha Kukoboa Mpunga,
Mbagala, Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na taarifa yetu ya awali ya Aprili 12, 2024, tuliyoileta ofisini kwako siku mbili baada ya Idi.

Kwa barua hii tunasitisha mkataba tuliotiliana saini Desemba 12, 2023, wa kukuuzia tani 40 za mpunga wa SARO 5 ifikapo Julai 31, 2024. Tunatumia kifungu cha 11 cha mkataba, kinachohusu nguvu isiyozuilika. Kifungu hicho kinataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 14, na kinaruhusu upande wowote kusitisha endapo tukio litazuia utekelezaji kwa zaidi ya siku 30. Taarifa ulipewa siku ya sita. Leo ni siku ya 44.

Kilichotokea ni hiki. Usiku wa kuamkia Jumamosi, Aprili 6, 2024, maji ya Mto Rufiji yaliingia katika mashamba yetu ya bondeni. Kati ya ekari 32 zilizotajwa kwenye mkataba, 29 zilifunikwa. Mpunga ulikuwa umetunga mimba, na ulikaa chini ya maji mpaka ukaoza shinani. Maji yalianza kushuka mwishoni mwa mwezi, kisha mvua za Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani Mei 4, zikayapandisha tena. Hadi leo ukiingia bondeni maji yanakufika magotini, na msimu wa kupanda upya umeshapita.

Ulipotupigia simu uliuliza mambo mawili, nami nayajibu kwa maandishi. La kwanza, kwamba Rufiji hufurika kila mwaka. Ni kweli mto hupanda, na ndiyo maana tulipanda mapema, Desemba. Lakini maji ya mwaka huu yalivuka tuta na kufika shina la mwembe ulio kwenye njia ya shule, mahali ambapo wazee wetu hawakumbuki kuyaona katika miaka ya karibuni. Na hata kama sehemu ya maji hayo ilifunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, lango la bwawa haliko mikononi mwetu. La pili, kwamba tungenunua mpunga kwingine tukuletee. Kifungu cha 2 kinasema mpunga utoke katika ekari hizo 32, kwa mbegu uliyoikagua mwenyewe. Mazao hayo hayapo tena. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, inatambua kuwa mkataba hubatilika pale jambo lililoahidiwa linapokuwa haliwezekani.

Kuhusu malipo ya awali ya shilingi 6,000,000: kifungu cha 65 cha sheria hiyo kinatutaka turejeshe tulichopokea, nasi hatukwepi. Ekari 3 za mwinuko zimesalimika, na tunatarajia gunia 28. Hatujamuahidi mtu mwingine. Ukizitaka, ni kwa bei ileile ya shilingi 95,000 kwa gunia la kilo 100, yaani shilingi 2,660,000, zikatwe kwenye deni. Shilingi 1,850,000 ambazo hazijatumika tutaziingiza benki ndani ya siku saba. Zinazobaki, shilingi 1,490,000, tutazimaliza ifikapo Septemba 30, 2024. Usipozitaka gunia hizo, tutaziuza na fedha yake kuja kwako.

Tumeambatanisha:

A. Nakala ya mkataba, kifungu cha 2 na cha 11 vikiwa vimepigwa mstari.
B. Nakala ya taarifa ya Aprili 12, pamoja na ukurasa wa daftari la barua uliosainiwa na karani wako.
C. Barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji yenye mhuri, ikithibitisha tarehe maji yalipoingia.
D. Fomu ya tathmini ya Afisa Ugani ya Aprili 24, ekari kwa ekari, pamoja na zile 3 zilizosalimika.
E. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu mvua za masika na kimbunga.
F. Picha tisa zenye tarehe, zote zimepigwa kutoka chini ya mwembe huo: mbili za Machi, mpunga ukiwa wima, na saba za baada ya maji.
G. Taarifa ya benki na stakabadhi za mbegu na trekta.

Unakaribishwa kumtuma mtu wako akague shamba kabla maji hayajakauka. Tunaomba majibu yako kwa maandishi ifikapo Juni 3, 2024, hasa kuhusu gunia 28, kwa kuwa tutaanza kuvuna wiki hiyo.

Wako katika biashara,

Mwanahawa Saidi
Mwenyekiti, kwa niaba ya wanakikundi

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kata, Muhoro