Kengele kwenye Pembe: Njia ya Bagamoyo hadi Ziwani

Mswada wa kusoma, video ya dakika nne

PICHA: Alfajiri, kivuko cha Kamanga, Mwanza, mawe ya Bismarck nyuma. Kabla ya maneno yoyote, kengele ya ng'ombe inalia mara tatu.

SIMULIZI: Kengele hiyo ilifungwa kwenye pembe ya ndovu. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia hii mwaka 1857, aliandika kwamba wabeba pembe waliining'iniza kwenye ncha, na mbele ya msafara alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, na bendera nyekundu. Ameandika yeye, mgeni aliyeiona kwa macho yake. Katika video hii nikisema "imeandikwa", yupo aliyeandika wakati ule. Nikisema "inasimuliwa", ni mdomo kwa mdomo. Ukinisikia nasema "nakisia", hilo ni langu, nibishie.

PICHA: Ramani. (Kaka mhariri, usichore uzi mmoja mwembamba. Paka rangi pana kama mkondo wa maji.)

SIMULIZI: Bagamoyo, Mpwapwa, Tabora, Ujiji: kama kilomita 1,200. Rangi ni pana kwa sababu njia ilihama. Kisima kikikauka, mtemi akipandisha hongo, ushuru wa kupita, vita vikizuka, msafara ulizunguka. Na Tabora njia iligawanyika: magharibi kwenda Ziwa Tanganyika, kaskazini kupitia Usukuma kuja huku kwetu, Ziwa Victoria.

PICHA: Mizani ya sokoni. Mfuko wa saruji kando yake.

SIMULIZI: Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu. Chukua mfuko wa saruji, toa theluthi moja, uweke begani, kisha utembee kwa miezi. Kwenda bara ni vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani ni pembe.

Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea kwenye mswada wa kwanza: niliandika kwamba wabebaji walikuwa watumwa. Watumwa walipitishwa njia hii, na hilo halina ubishi. Lakini wapagazi wengi, Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa watu huru waliopatana ujira na kulipwa kwa nguo. Kuwaita wote watumwa ni kuwapokonya kazi yao. Namba ya watumwa waliopita sitaitaja. Zinazozunguka mitandaoni zinapishana mno, na wanaozirudia hawasemi zilihesabiwaje.

PICHA: Miembe mirefu, Ujiji.

SIMULIZI: Inasimuliwa kwamba miembe hii iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na waliopita wamefungwa minyororo. Ni simulizi nzito, nimeiacha ibaki simulizi.

Jina Bagamoyo nalo lina tafsiri mbili. Bwaga moyo: mpagazi ameona bahari, anatua mzigo na kupumzika. Au bwaga moyo: mtumwa anauacha moyo wake bara, kwa sababu kutoka hapo ni jahazi. Nimesikia kila upande ukiapa kwamba wa pili umepotoka. Mimi nakisia kwamba watu wawili waliweza kuutazama mji mmoja siku moja, kila mmoja akaupa maana yake.

PICHA: Ziwa, mwanga wa asubuhi. Polepole.

SIMULIZI: Tarehe 3 Agosti 1858 John Speke, mwenzake Burton katika safari ile, alifika karibu na hapa tulipo. Vitabu vya shule viliandika "aligundua". Imeandikwa kwamba kule Tabora, iliyoitwa Kazeh, mfanyabiashara Snay bin Amir ndiye aliyewaeleza yeye na Burton kuhusu ziwa la kaskazini. Kwa hiyo Speke alifuata maelekezo. Alipoliona akatamka kwamba hiki ndicho chanzo cha Nile. Ushahidi? Hakuwa nao. Burton akambishia. Msafiri mwingine, Henry Stanley, alifika Kageye, upande wa Magu, Februari 1875, mashua yake Lady Alice ikiwa imebebwa vipande vipande na watu, akalizunguka ziwa, na matokeo yakamuunga mkono Speke. Kwa hiyo alipatia. Ila mwaka 1858 alikuwa anakisia kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

(Msomaji: hapo tua, vuta pumzi.)

PICHA: Stesheni ya Mwanza, behewa linasogea.

SIMULIZI: Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafika 1928. Bega likapumzika.

Kama kwenu kuna babu aliyesimuliwa na babu yake kwamba walikwenda pwani, andika hapo chini jina la kijiji na alichosema, hata kama hakikamiliki. Video ijayo nitakisoma, na nitatangulia kusema: inasimuliwa.

PICHA: Giza. Kengele mara moja.