Barua kwa Mjukuu Wangu Zuhura

Pangani, 12 Juni 2024

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mguu wangu tu ndio unaonisumbua kwa baridi hii.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumamosi. Ulimwahidi mdogo wako Bakari kumvusha kwa pantoni hadi Bweni. Toka asubuhi alivaa kanzu yake nyeupe, akakaa barazani. Kila basi la Tanga likipita, anasimama. Mchana nilimpa wali kwa samaki, hakugusa. Magharibi aliingia ndani, akaikunja kanzu, akairudisha sandukuni bila neno. Hakulia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Najua kazi zilikubana. Lakini simu ungepiga. Ahadi ni deni, mwanangu, na mtoto hana daftari la madeni, huandika moyoni.

Marehemu babu yako alimwahidi fundi wa mashua kumlipa Ijumaa. Samaki hawakupatikana. Akaenda Ijumaa hiyohiyo, mikono mitupu, kumwambia, "Sina, nipe wiki moja." Nikamuuliza kwa nini asingoje mpaka apate. Akasema, "Akiningoja bila habari, nitakuwa nimemlia pesa yake na siku yake pia." Mwaka uliofuata mashua yetu ilipopasuka ubao, fundi yule aliitengeneza kwanza, pesa baadaye.

Usimtumie Bakari zawadi. Mpigie leo, umwombe radhi, na usimtajie siku mpaka uwe umeshapata ruhusa kazini. Kanzu nimeshaifua.

Nakupenda sana.

Bibi yako