Muhtasari: Msimamizi wa Uzalishaji na Usambazaji wa Vyakula, Morogoro

Nina zaidi ya miaka 11 katika kazi ya vyakula vya tanuri. Nilihitimu Sayansi na Teknolojia ya Chakula SUA mwaka 2012, nikafanya kazi miaka mitatu na miezi kadhaa katika kiwanda cha biskuti Dar es Salaam nikiwa msimamizi wa ubora, zamu ya usiku. Machi 2016 nilifungua tanuri langu la mikate Kihonda, hapa Morogoro. Lilianza na watu watatu na bajaji ya kukodi, likafikia wafanyakazi 12, kirikuu mbili na maduka zaidi ya 80 kuanzia Msamvu na Mazimbu hadi Mikese.

Tanuri hilo nililifunga Septemba 2023. Ngano nyingi tunayokula Tanzania inatoka nje, na vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mfuko wa unga ilipanda kwa kasi. Mimi nilichelewa miezi minne kupandisha bei ya mkate, na mtaji wangu mwingi ulikuwa nje, kwenye mali kauli. Ikafika siku nina oda lakini sina pesa taslimu ya unga.

Mwaka wa mwisho wa biashara ile ndio ulionifundisha kazi ninayoiomba leo, kwa hiyo nitaueleza kidogo.

Kwa miaka sita nilihesabu mkate uliotoka getini kama mkate uliouzwa. Kirikuu iliondoka saa kumi na moja alfajiri na mikate 600, mimi naandika 600. Ilirudi saa tano na kreti chache za mikate ya kurudi, tunazishusha, siku inaendelea. Oktoba 2022 nilikaa getini kwa wiki mbili na daftari, nikihesabu kila kreti mwenyewe. Kwa wastani ilirudi mikate 50 kwa siku. Kwa bei yangu ya jumla ya shilingi 1,100, hiyo ni 55,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 1,430,000 kwa mwezi. Kodi ya jengo zima ilikuwa pungufu ya hapo. Nilikuwa nikibishana na muuza unga kuhusu shilingi elfu mbili kwa mfuko huku milioni moja na laki nne ikirudi kila mwezi mlangoni kwangu kwenye kreti.

Kuanzia hapo kila mkate uliorudi uliandikiwa sababu: ukungu, kupondeka, au kubaki dukani. Hizo safu tatu za daftari zilinionyesha mambo ambayo nilikuwa nikiwalaumu madereva bure.

Ukungu ulikuwa kosa la chumba cha kufungashia. Tulitoa mikate tanurini saa sita usiku na kuifunga saa saba, bado ina joto la ndani. Ukiubonyeza mfuko kwa kidole unaona umande umeshika plastiki kwa ndani. Masika ya Morogoro, yenye hewa nzito, mkate wa namna hiyo siku ya tatu una madoa ya kijani. Tulisogeza uokaji nyuma, mkate ukawa unatoka saa nne usiku na kupoa juu ya rafu za waya kwa saa tatu na zaidi ndipo ukatwe slesi na kufungwa. Haikugharimu kitu isipokuwa kubadili zamu, na fundi wetu wa tanuri, mzee aliyekuwa akiujua unga kwa kuugusa tu, aliniambia alikuwa amelisema jambo hilo mwaka wa kwanza. Ni kweli, alilisema. Tangu siku hiyo, nikifika kwenye chumba chochote cha uzalishaji, ninaanza kwa kumuuliza mtu wa zamani kuliko wote ni kitu gani alishakisema hakikusikilizwa.

Mikate iliyobaki dukani ilikuwa na majira yake. Baada ya tarehe 20 mauzo hushuka, mshahara ukitoka hupanda. Ramadhani mkate wa alfajiri hulala rafuni hadi jioni, kwa hiyo mwaka 2023 tulipeleka alasiri, ukafika madukani watu wakijiandaa kufuturu. Mpaka Mei 2023 mikate ya kurudi ilikuwa imeshuka kutoka 50 hadi 14 kwa siku. Biashara ilikuwa imeshachoka kifedha, lakini njia ilifanya kazi, na nimeshaifanya tena kwingine.

Kuhusu mikopo kwa maduka, siku ya kufunga nilikuwa nadai shilingi milioni 11.4. Nilipita duka kwa duka, asubuhi kabla droo haijaguswa, nikikubaliana na kila mwenye duka kiasi anachokiweza kwa wiki na kuandikiana. Katika miezi saba nilikusanya milioni 8.9. Maduka yaliyonisumbua zaidi ni yale makubwa niliyoyapa mkopo mrefu kwa heshima. Mama mmoja wa genge Chamwino alilipa deni lake lote la 38,000 kwa sarafu na noti za elfu moja moja. Ningeanza leo, kila duka lingekuwa na kikomo cha mkopo, na mkate wa leo ungetoka baada ya wa juzi kulipwa.

Wafanyakazi niliwalipa kwanza. Niliuza mashine ya kukandia na kirikuu moja, nikatoa notisi ya siku 28, kiinua mgongo kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na cheti cha utumishi kwa kila mmoja. Michango ya NSSF haikuwa na deni. Watano kati yao niliwatafutia kazi mwenyewe kabla ya milango kufungwa. Hili ndilo ninalolijali kuliko yote niliyoyafanya katika miaka ile.

Tangu Januari 2024 ninafanya kazi kwa mkataba na biashara tatu ndogo hapa Morogoro: matanuri mawili na msindikaji mmoja wa maziwa. Ninapanga ratiba za uzalishaji, ninaweka hesabu ya gharama kwa kila bidhaa, ninafuatilia bidhaa za kurudi, na ninaandaa kumbukumbu zinazohitajika kwa ukaguzi wa TBS na Wakala wa Vipimo. Katika tanuri mojawapo, mikate ya kurudi imeshuka kwa zaidi ya nusu katika miezi minne, kwa daftari la safu tatu na rafu za kupozea.

Ninatafuta nafasi ya kudumu ya kusimamia uzalishaji au usambazaji katika kiwanda cha vyakula, hasa vinavyoharibika haraka, Morogoro, Dodoma, Pwani au Dar es Salaam. Zamu ya usiku ninaijua na sina tatizo nayo. Sihitaji cheo cha umeneja kuanza. Ninahitaji ruhusa ya kukaa getini na kuhesabu. Mikataba yangu ya sasa inaniruhusu kuondoka kwa notisi ya wiki mbili, na wenye biashara zote tatu wamekubali kupigiwa simu na mwajiri yeyote anayetaka kuwauliza kuhusu kazi yangu.