Mkono wa Kushoto Kwanza

Wazee wa mtaa walipomaliza sala na kunywa chai yao, wakashika njia ya migombani kwa tochi za simu, Mama Aika alirudi kwenye sanduku. Mizani ya ndoano, ile wanayopimia kahawa, ilikuwa inaning'inia kwenye boriti ya jikoni. Sanduku lilisoma kilo 26. Ndege inaruhusu 23.

"Unga wa ndizi utoke," alisema.

"Unga hautoki," Bibi alijibu kutoka kwenye kigoda chake karibu na mafiga. "Toeni viatu."

"Mama, Dresden kuna baridi. Atavaa nini, unga?"

Aika hakusema neno. Alikuwa amekaa mkekani, anakunja na kukunjua soksi ileile. Baba yake alikwisha kwenda kulala mapema, maana ndiye atakayeendesha gari alfajiri, kushuka mpaka Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, hadi uwanja wa ndege wa KIA. Ndege ni ya kupitia Addis Ababa. Huko Ujerumani aendako atasoma miaka miwili shahada ya uzamili ya mambo ya maji, na kila mtu Machame yote aliyeulizwa angeweza kukuambia kwa nini mtoto yule amechagua maji. Amekua akichezea mfongo, mfereji wa maji unaopita nyuma ya kihamba, ameuona ukijaa, kisha ameuona ukipungua mpaka zamu ya kumwagilia imekuwa jambo la kugombana.

Mama Aika alipotoka kwenda kuazima mkanda wa sanduku kwa jirani, Bibi alinyosha mkono.

"Lete kiganja."

Aika alitazama mlango. "Bibi, Mama atasema ni ramli. Wametoka kuniombea sasa hivi."

"Maombi yamekwenda juu. Mimi natazama hapa chini. Wa kushoto kwanza."

Kipaji hiki cha Bibi kilijulikana, ingawa nyumbani hakikutajwa. Ujanani alifanya kazi kiwandani Moshi mjini, kwenye kuchambua kahawa, wanawake wamekaa safu kwa safu mezani, macho kwenye punje, vidole vikitupa nyeusi huku na zilizovunjika kule. Pembeni yake alikaa Bi Mwanaidi, mtu wa Pangani, aliyekuwa anasoma viganja wakati wa chai. Bibi alijifunza kwake. Baada ya Bi Mwanaidi kurudi kwao, foleni ya wakati wa chai ikahamia kwa Bibi. Lakini Bibi hakuwahi kumsomea mjukuu wake. Aika aliwahi kuomba akiwa darasa la sita, akaambiwa mkono wa mtoto bado ni uji.

Bibi alikivuta kiganja karibu na taa. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye nguvu, na gumba lake lilitulia kwenye kifundo cha mkono wa Aika, pale mshipa unapopiga.

"Huu unaozunguka gumba ni wa uhai. Watu huja wakitaka niwahesabie miaka humo. Anayehesabu miaka kwenye mstari huu ni mwongo, usimpe hela. Huu wa katikati ni wa kichwa. Unaona inavyoanza pamoja? Kwa wengine inaachana upesi, hao ni wale wanaoruka kwanza wakatazama baadaye. Yako imeng'ang'aniana mpaka hapa." Alipita na ukucha taratibu. "Mtu wa nyumbani. Mtu wa kuuliza mara mbili."

"Hiyo hata bila kiganja unaijua."

"Naijua." Gumba halikutoka kwenye mshipa. "Umemwambia nani kwamba hutaki kwenda?"

Mkono wa Aika uliruka kidogo, kama samaki aliyeguswa. Akajaribu kuuvuta, Bibi akaushika.

"Sijamwambia mtu," alisema.

"Kwa hiyo ni kweli."

Nje mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza. Aika alijikuta anasema yote kwa mkupuo. Kwamba tangu Aprili, Bibi alipolazwa KCMC moyo ukiwa umejaa maji na miguu imevimba, yeye halali vizuri. Kwamba ameandika barua pepe kwa chuo kuomba waahirishe nafasi yake mwaka mmoja, haijatumwa, ipo kwenye simu, anaisoma kila usiku. Kwamba amewauliza watu waliokwenda, na kila mmoja anayo habari ya fulani aliyepigiwa simu akiwa maktaba.

"Unaogopa nitakufa."

"Usiseme hivyo, Bibi."

"Nisiposema mimi atasema nani? Nitakufa. Nimevuka sabini na tano, moyo wangu unakunywa vidonge asubuhi na jioni. Hilo halihitaji kiganja. Swali langu ni utafanya nini siku hiyo."

"Nitakuja. Nitakuja kukuzika, kwani kuna swali hapo? Mchaga gani haji kuzika? Watu wanatoka Mwanza, wanatoka Kanada."

"Hutakuja."

Aika alimtazama.

"Nakuambia hutakuja," Bibi alirudia, na sauti yake haikuwa na hasira. "Sasa nipe wa kulia, nikueleze kwa nini."

Alishika wa kulia lakini hakuutazama. Alikuwa anatazama moto.

"Mwaka 1966 nilikuwa chuo cha ualimu, kule Tanga."

"Wewe?"

"Mimi. Nilipanda treni hapo Moshi mwezi wa kwanza, na sanduku la bati, baba yangu ameuza mbuzi wawili kwa ajili yangu. Nilikuwa wa pili darasani kwa hesabu. Julai ikaja simu ya maandishi kwamba baba amefariki. Mkuu wa chuo akanipa ruhusa ya wiki moja na nauli. Nikarudi, tukazika. Hakuna aliyenikataza kurudi chuoni, Aika, ulisikie hilo vizuri. Laiti wangenikataza ningegombana nao. Nilikaa tu mpaka msiba uishe. Kisha mama akawa halali, nikakaa wiki nyingine. Kisha kahawa ikaiva, na wadogo zangu walikuwa wadogo, nani atachuma? Kisha nikaona aibu kurudi nimechelewa hivyo. Kisha babu yako akaleta posa. Sanduku langu lilibaki chuoni na shuka mbili na kamusi. Sijui aliyeichukua."

Aika alikuwa amemjua mwanamke huyu maisha yake yote. Ndiye aliyemfundisha jedwali la kuzidisha kwa punje za kahawa, ndiye aliyekuwa anasahihisha bili za duka kwa kuzitazama tu. Alidhani ni akili ya kuzaliwa. Sasa alimwona msichana wa miaka kumi na tisa kwenye behewa, na hakujua aweke wapi huruma yake, maana msichana huyo hakuwa anaiomba.

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Kwa nani? Baba yako angeona yeye ndiye gharama. Sijuti kuwazaa. Ila nataka mmoja apite pale mimi nilipogeukia." Alibonyeza kiganja cha kulia. "Haya, tazama. Huku inaachana mapema. Kushoto ni ulichozaliwa nacho, kulia ni unachokitengeneza. Bi Mwanaidi alikuwa anasema hivyo, na mimi nimeona mikono mingi, nasema hakukosea. Kwa hiyo niahidi."

"Siwezi."

"Niahidi."

"Watu watasema nini? Mjukuu wa kwanza, hayupo. Watasema amekwenda kwa Wazungu akasahau kwao."

"Hao Wazungu wa misheni ya Leipzig walifika hapa Machame mwaka 1893 na hawakurudi kwao kila akifa bibi. Watu waseme. Wakimaliza kusema watakula ndizi waende zao. Nauli ya kuja na kurudi ni hela ngapi? Na mtihani je, watakungoja?"

Aika alifuta uso kwa bega kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa. "Nitakuja Desemba," alisema mwishowe. "Itakayofuata. Mitihani ikiwa imekwisha au haijafika. Nitakuja kama watu wengine wanavyorudi Krismasi, nitakupandia isale pale kaburini, nitakaa wiki mbili, nitarudi."

"Tiketi ya kurudi uwe umeshakata."

"Nitakuwa nimeshakata."

"Kabla ya kupanda ya kuja."

"Kabla, Bibi."

"Hapo tumeelewana."

"Na mimi hamkuniuliza."

Mama Aika alikuwa mlangoni, mkanda wa sanduku umening'inia mkononi. Hawakujua amesimama hapo tangu lini. Aika aliivuta mikono yake, na safari hii Bibi aliiachia.

"Mnapanga msiba kwenye nyumba iliyotoka kuombewa," Mama Aika alisema, lakini hakuendelea na habari ya ramli. Alikaa kwenye ukingo wa sanduku. "Mimi ndiye nitakayekuwa hapa. Mimi ndiye nitakayeshika simu. Nilikuwa nimeshaamua moyoni nisimwambie mpaka tumezika, ili asisumbuke."

"Vibaya," Bibi alisema. "Ataona kwenye grupu la ukoo. Shangazi yake ataweka picha yangu na mshumaa kabla sijapoa."

"Ndiyo maana nakuuliza, mama. Nifanye nini?"

Hakuna aliyewahi kumsikia Mama Aika akiuliza hivyo. Miaka yote katika nyumba hii ya mama mkwe alikuwa anaamua kwanza, kisha anaomba radhi.

"Unampigia siku hiyohiyo. Wewe, si mwingine. Kwa simu, si ujumbe."

"Hata kama ni usiku?" Mama Aika alimgeukia binti yake.

"Hata kama ni usiku," Aika alisema. "Na usinizunguke, Mama. Usianze na 'bibi anaumwa kidogo'. Sema tu."

"Nitasema tu."

"Na mimi nitabaki nalia kwenye simu, wewe usikate."

"Sitakata."

Aika alichukua simu yake kutoka juu ya pipa, akaifungua ile barua, akamwonyesha mama yake. Mama Aika aliisoma yote, midomo ikitembea, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza na alitaka asikose kitu. Alipofika mwisho alirudisha simu bila neno na Aika akaifuta mbele yao.

Kisha Mama Aika aliinuka, akafungua sanduku, akatoa buti moja na nyingine, akaziweka kando. "Hizi utavaa njiani," alisema. "Miguuni hawapimi." Akaufunga mfuko wa unga upya kwa plastiki mbili, akausukuma kwenye kona.

Bibi alikuwa amekwisha kunyosha mkono tena.

"Rudi hapa, sijamaliza. Mstari wa moyo hatujaugusa hata kidogo, na wewe mama yake sogea, kuna kijana humu nataka tumjadili mapema."