Kliniki ya meno Kihonda, Morogoro: huduma, bei na maswali ya watu wa mtaani

Jino limekukesha usiku kucha na sasa unatafuta daktari wa meno Morogoro? Tupo Kihonda, Barabara ya Dodoma, upande wa kushoto ukitokea Msamvu. Panda daladala yoyote ya Kihonda, mwambie konda akushushe kwa kliniki ya meno, geti la bluu, ukilipita wewe ndo umelala. Jumatatu mpaka Jumamosi tunafungua saa 2 asubuhi tunafunga saa 12 jioni, Jumapili ni dharura tu, saa 4 mpaka saa 8 mchana. Huhitaji kuweka miadi kama una maumivu, unakuja tu, ila ukiwahi asubuhi unakaa benchi muda mfupi.

Kung'oa jino Morogoro

Jino la kawaida Sh 30,000, gego la mwisho lililolala ndani ya fizi linaanzia Sh 120,000 maana pale tunachana fizi na kushona. Ganzi ipo ndani ya bei. Watu wengi wanaogopa sindano kuliko jino lenyewe, ukweli ni kwamba sindano inauma kidogo halafu basi, baada ya hapo unasikia kusukumwasukumwa lakini siyo maumivu. Ukisikia maumivu nyoosha mkono tunaongeza ganzi, hatushindani na mtu.

Ukitoka hapo unang'ata pamba nusu saa bila kuichungulia kila dakika. Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara wala pombe, kwa sababu damu iliyoganda kwenye shimo ndo bandeji yako na ikitoka mfupa unabaki wazi. Hapo ndo unakuta mtu siku ya 2 au ya 3 badala ya kupata nafuu maumivu yanapanda mpaka sikioni. Ikikutokea rudi, tunasafisha shimo na kuweka dawa.

Kuziba jino na matibabu ya mzizi

Kuziba ni Sh 40,000 mpaka 60,000 kutegemea tundu limekula kiasi gani. Mzizi Sh 150,000 kwa jino la mbele, 220,000 kwa gego, na unakuja mara 2 hivi. Tunaanza na eksirei.

Tuseme wazi tu: jino likikushtua unapokunywa maji ya baridi na likatulia saa hiyo hiyo, mara nyingi bado linazibika. Likianza kuuma lenyewe usiku, au chai ya moto inaliamsha na linaendelea kupwita, mara nyingi neva ya ndani imeshaharibika, hapo ni mzizi au kung'oa. Kati ya hizo hali mbili kuna tofauti ya laki na ushee, sasa ukiambiwa uzibe mapema ujue siyo njaa ya daktari.

Kusafisha meno

Sh 50,000, tunatoa ugaga uliogandamana kwenye fizi. Swali tunalolipata sana kwa wanachuo wa SUA na Mzumbe waliokulia Arusha pembeni ya Mlima Meru: je kusafisha kutatoa yale madoa ya kahawia? Hapana. Yale yanatokana na floraidi nyingi kwenye maji uliyokunywa utotoni wakati jino linajengwa, doa liko kwenye jino lenyewe, halijakaa juu kama la chai. Usikubali mtu akukwangue kwa nguvu akidai litatoka. Kuna namna ya kulifunika kwa kutumia dawa ya rangi ya jino, njoo tuangalie kwanza.

Maswali ya mtaani

*Niko Mazimbu, mtoto wangu ana miezi 7, anaharisha na homa, bibi yake anasema ni meno ya nailoni, mnatoa?*

Hatutoi, na tunakuomba mama usimpeleke popote akatolewe. Ule uvimbe mweupe unaouona kwenye fizi ni jino la utoto ambalo halijatoka, wanaolichokonoa wanatumia vifaa ambavyo hujui vimepita wapi, mtoto anapoteza damu, anaambukizwa, na mara nyingi hata jino la ukubwani chini yake linaharibika. Kuharisha kunamkausha maji, hilo ndo la haraka. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, na mpeleke kituo cha afya leo hii akapimwe homa, siyo kwetu. Bibi tunamheshimu, mwambie aje tuongee naye, tumeshaongea na wengi na wakaelewa.

*Bodaboda imeanguka Msamvu, jino la mbele limetoka zima, tufanyeje?*

Litafute! Lishike sehemu nyeupe, usishike mzizi, usilisugue. Kama lina mchanga lisuuze haraka kwa maziwa au maji safi, kisha lirudishe kwenye tundu lake na mtu ang'ate kitambaa. Mkishindwa, liwekeni kwenye maziwa, pakiti ya dukani inatosha kabisa, mje mbio. Likirudishwa ndani ya nusu saa lina nafasi nzuri, likikauka kwenye tishu mfukoni nafasi inashuka vibaya. Hii ni kwa jino la ukubwani, la utoto halirudishwi. Na kama aliyeanguka alizimia au anatapika, hospitali kwanza, jino baadaye.

*Nimevimba shavu, niko Bigwa, si ninunue tu antibayotiki duka la dawa?*

Vidonge vinaweza kupunguza uvimbe lakini chanzo kiko ndani ya jino na dawa haikifikii vizuri, ndo maana uvimbe unarudi. Njoo tutoe usaha. Lakini kama uvimbe umeshuka chini ya taya, mdomo haufunguki, unashindwa kumeza au kupumua, usije Kihonda, nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hata kama ni saa 8 usiku. Huo unaua.

*Aspirini juu ya jino inasaidia?*

Inaunguza fizi, tunaona vidonda vyeupe kila mara. Meza dawa ya maumivu kwa kipimo chake. Mafuta ya karafuu kidogo kwenye pamba yanatuliza kwa muda, hilo tunakubali.

*Mwanangu ana miaka 6, kuna gego limetoka nyuma kabisa na limeshaanza kutoboka, si la utoto litang'oka tu?*

Siyo la utoto. Magego ya kwanza ya ukubwani yanatoka kwenye miaka 6 nyuma ya yale ya utoto bila jino lolote kung'oka, ndo maana wazazi yanawapita. Hilo atakaa nalo mpaka uzeeni, mlete lizibwe.

*Nina mimba, naweza kutibiwa?*

Ndiyo, tuambie tu umri wa mimba ukifika mapokezi. Miezi ya kati ndo unakaa kwenye kiti vizuri zaidi, ila jino lenye usaha halisubiri kujifungua.

*Mnafunga waya wa kunyoosha meno?*

Hatufungi. Tunakuandikia rufaa Dar, afadhali hivyo kuliko kujaribia mdomoni kwako.

*Bima mnapokea? Natokea Dakawa nisije nikarudi bure.*

NHIF tunapokea, njoo na kadi na kitambulisho, ila siyo kila huduma inalipiwa, mapokezi watakuangalizia kabla hujakaa kwenye kiti. Taslimu au kwa simu vyote sawa, na mzizi unaweza kulipa kwa awamu 2. Wa Dakawa, Mikese na Mvomero tunawaomba mpige kabla ya kutoka nyumbani, tunajitahidi mmalizwe siku hiyo hiyo muwahi gari la kurudi.