Chai na Eskoti

Nyumbani kwetu Ntinda, Kampala, tulikuwa na dada wa kazi anaitwa Furaha, katoka Bunia huko Kongo, Kiganda hajui hata cha kusalimia, ila na mama walielewana vizuri sana maana mama kakulia kambi ya polisi Nsambya na Kiswahili cha kambi hakijamtoka mpaka leo. Yani walielewana mpaka siku ile ya Jumamosi.

Siku yenyewe upande wa mchumba wa dadangu Sanyu walikuwa wanakuja kukyala, ule ugeni mdogo wa kabla ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho, watu sita tu wasiopiga kelele. Mama yuko saluni, kichwa kiko ndani ya draya, anapiga simu kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Furaha, wale wageni wanafika saa kumi. Usipike chakula, wanakula huko watokako. Andaa kitu chepesi tu, chai na eskoti."

"Eskoti, mama?"

"Eeh, eskoti! Chai kavu kwa wakwe si aibu?"

Sasa hapa kwetu mtoto wa darasa la kwanza anajua eskoti ni kile kitu kinachosindikiza chai, chapati, sambusa, kabalagala, hata karanga za kukaanga. Lakini Furaha kakulia barabara ya Bunia kwenda Mahagi, na kule magari yalikuwa yanasubiriana mpaka yawe msururu halafu wanajeshi wanatangulia, ndio eskoti hiyo. Akawaza hawa wakwe lazima ni watu wakubwa.

"Mama, eskoti ikuwe ya namna gani?"

"Yoyote tu, isiwe nzito. Usihangaike mbali, angalia hapo barabarani utapata. Chukua ile elfu ishirini iko juu ya friji."

Mimi nilikuwa sebuleni naangalia mpira, hayo yote nikayasikia upande mmoja na sikutia neno. Mama mpaka leo ananidai kwa hilo.

Saa kumi na dakika kidogo wageni wakaingia, mama naye kafika dakika za mwisho nywele bado za moto, wakakaa, wakasalimiana zile salamu za Kiganda zisizoisha, mpaka mama akaita, "Furaha, leta chai." Mlango wa jikoni ukafunguka. Mbele Furaha na trei, vikombe na flaski mbili za chai ya maziwa na tangawizi. Nyuma yake konstebo wa Naguru, yule anayepitaga kwetu kuomba maji, yunifomu imepigwa pasi, buti zinang'aa, rungu kwapani. Bunduki hana. Furaha alikuwa kamwambia aiache, mama kasema isiwe nzito.

Furaha akapiga magoti akamimina. Konstebo akagonga buti chini, akasimama nyuma ya kiti cha mgeni mkubwa kama mlingoti wa bendera.

Mgeni mkubwa mwenyewe alikuwa mjomba wa mchumba, mwenyekiti wa kijiji, elsii wani, huko kwao. Na huu ulikuwa mwaka 2023, mwaka wa yale mabati ya msaada wa Karamoja yaliyoishia kwa wakubwa, mawaziri wenyewe walikuwa wanapelekwa kortini. Mzee akageuka taratibu, akaona buti, akapandisha macho mpaka kwenye kofia. Kikombe kikaanza kulia juu ya kisosa.

"Afande," akasema, "yalikuwa kumi na mawili tu. Na nimeezekea banda la kuku, sijauza hata moja."

Kimya. Sanyu kashika mdomo. Mchumba anaangalia kapeti kama kaangusha sindano.

"Mabati gani, sebo?" konstebo akauliza, yeye mwenyewe kashangaa.

"Kumi na manne," mzee akajisahihisha.

Mama akamvuta Furaha jikoni na mie nikawafuata, siwezi kukosa hilo. "Huyu polisi anafanya nini kwangu?"

"Eskoti, mama. Alitaka elfu makumi tatu, nikamwambia ni moja tu, ya kwepesi."

Mama akakaa juu ya jerikeni akacheka mpaka nywele za saluni zikavurugika. Akamwita konstebo: ile elfu ishirini nenda nayo kwa yule wa chapati kona ile, leta roleksi nane, nyanya nyingi. Akaenda mbio, akarudi nazo zimefungwa kwenye gazeti zinatoa mvuke, akawagawia wageni kwa mikono miwili. Wote wakala isipokuwa mzee, alisema ana vidonda vya tumbo.

Wakati wa kuaga, mama akasema tu kwa mazoea, "Furaha, wasindikize wageni." Furaha akamtazama konstebo, konstebo akavaa kofia. Walipofika getini mzee alikuwa kashapanda boda, hata bei hakuuliza.