Andalio la somo la mazoezi ya kufundisha, BTP: lekcha ya Vygotsky imegeuzwa kuwa kipindi

Hisabati, Darasa la Tano, shule ya msingi nje kidogo ya Dodoma mjini. Wanafunzi 62, dakika 40. Mada: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti.

Wazo la lekcha: mwanasaikolojia Vygotsky (1896–1934) anasema kuna kazi mtoto haiwezi peke yake ila akisaidiwa anaiweza, basi hapo ndo pa kufundishia.

Utangulizi (dak 5): 1/4 + 2/4 ubaoni, wajibu kwenye daftari. Napita kuangalia nani yuko wapi, maana bila hivyo hiyo nadharia inabaki kwenye notsi tu.

Maarifa mapya (dak 12): 1/2 + 1/4. Wengi watasema 2/6, na usifute haraka jamani, waulize 2/6 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo, sasa umeongezaje kitu kikapungua? Halafu wakunje vipande vya karatasi, nusu ikikunjwa tena inakuwa 2/4, jibu 3/4 wanaliona wenyewe.

Kuimarisha (dak 13): wawili wawili, anayeweza na anayehangaika, ila kalamu anashika anayehangaika. Swali la kwanza na karatasi, la pili kwa kuchora, la tatu bila kitu. Msaada unapungua taratibu, hiki ndo kiini chenyewe.

Tafakari (dak 3): mmoja aeleze kwa Kiswahili chake kwa nini 2/6 haikubali.

Kupima (dak 7): 1/3 + 1/6, kila mtu peke yake. Atakayekwama kesho naanza naye kwenye karatasi.